Madoa meusi mashavuni na kwenye paji la uso: maswali tunayoulizwa kila siku hapa Tanga

Haya ni maswali kuhusu melazma, yale madoa meusi ya usoni yanayochochewa na jua na homoni, yanayokuja kwenye kaunta ya duka letu la dawa hapa Ngamiani, mengine yanaulizwa kwa sauti na mengine mtu anasubiri wateja waondoke ndo anashusha mtandio anasema "dada hebu niangalie hapa". Nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu majibu ya haraka haraka ndo yanawapeleka watu kwenye mikorogo. Nimelenga zaidi ngozi zetu nyeusi na maji ya kunde, chini ya jua letu hili la Pwani.

Nitajuaje kama hili doa ni melazma na sio kitu kingine?

Melazma ina tabia zake. Inakaa pande zote mbili za uso, shavu la kulia likiwa nalo na la kushoto linalo, hata kama hayalingani ukubwa. Inapenda mashavu, paji la uso, juu ya mdomo, mgongo wa pua na kidevu. Haiwashi, haiumi, haina magamba, na ukifumba macho ukapitisha kidole husikii tofauti yoyote, ngozi ni laini kama kwengine, tofauti ni rangi tu. Na inakuja polepole, mtu anaamka siku moja anaona picha ya harusini ndo anashtuka.

Sasa vitu vinavyochanganywa nayo ni vingi. Doa moja katikati ya paji, gumu kidogo na limekomaa, hiyo ni sijda, ngozi imekuwa nene kwa kusuguana na mswala na haina uhusiano na jua. Doa la duara jeusi tititi ambalo linarudi palepale kila ukinywa dawa fulani, mara nyingi Septrini au baadhi ya dawa za maumivu, na pengine mdomo nao unababuka, huo ni mzio wa dawa, hiyo dawa usiinywe tena na umwambie daktari. Weusi wa pembeni mwa paji unaoendelea mpaka shingoni, ngozi nene kama mahameli na watu wanadhani huogi vizuri, huo unataka upime sukari. Vidoa vidogo vidogo vilivyobaki baada ya chunusi ni makovu ya rangi tu. Na ukiona mashavu yamevimba, yanawasha, yana magamba, na viungo vinauma na unachoka bila sababu, usinunue krimu yoyote, nenda hospitali ukapimwe, inaweza kuwa ugonjwa wa lupasi.

Mbona wenzangu tunakaa nao jua lilelile na wao hawana?

Rangi ya ngozi inatengenezwa na seli ambazo kazi yake ni kutoa melanini kukukinga na jua. Kwa mwenye melazma seli hizo za usoni zimekuwa kama mlinzi anayepiga firimbi kila paka akipita: mwanga kidogo tu, ambao kwa shoga yako haufanyi chochote, kwake zinamwaga rangi. Kinachozifanya ziwe hivyo ni urithi, ndo maana ukiuliza vizuri unakuta mama au shangazi naye alikuwa nayo, na ni homoni, ndo maana wengi inawaanza kwenye mimba au wakitumia uzazi wa mpango wenye homoni. Halafu jua ndo linawasha moto wenyewe. Urithi hubadilishi, homoni wakati mwingine unaweza, jua unaweza kila siku, kwa hiyo nguvu zetu nyingi zinaenda kwenye jua.

Mimi ni mweusi, ngozi yangu haiungui. Sanskrini, hizo krimu za kukinga jua, za nini?

Hili ndo swali kubwa kuliko yote na naomba usome mpaka mwisho.

Kuungua ni jambo moja, kutoa rangi ni jambo jingine. Ngozi nyeusi kweli inahimili sana kuungua, lakini inatoa rangi kwa urahisi zaidi kuliko nyeupe, na melazma ni ugonjwa wa kutoa rangi. Kwa hiyo kusubiri ngozi ichome ndo ujue jua limekudhuru utasubiri sana na doa linazidi.

Jambo la pili ni kwamba sio miale isiyoonekana tu, ile wanayosema yuvi, inayoleta madoa. Hata mwanga wa kawaida, huu huu unaotuwezesha kuona, hasa ule wa buluu na zambarau ulioko ndani ya mwanga wa jua, unazichokoza seli za rangi, na unafanya hivyo zaidi kwenye ngozi nyeusi na maji ya kunde kuliko kwenye ngozi nyeupe, ambako hauna athari kubwa kihivyo. Sasa sanskrini nyingi za kawaida, zile ukipaka hazionekani, zinazuia yuvi vizuri lakini mwanga huo unapita kama kawaida, maana kitu usichokiona usoni hakizuii mwanga unaoonekana. Ndo maana mtu anakuja analalamika "nimepaka SPF 50 miezi mitatu na doa liko palepale", na anasema kweli, kapaka, ila nusu ya kazi haikufanyika.

Kinachozuia mwanga huo ni rangi yenyewe, yaani oksidi ya chuma, ile ile inayoipa faundesheni ukahawia wake. Kwa mwenye melazma basi tafuta sanskrini yenye rangi ya ngozi, SPF 30 kwenda juu na ikiwezekana 50, na iwe inazuia yuvi zote mbili, ya A na ya B.

Nitaijuaje yenye hiyo oksidi ya chuma, mbona kwenye boksi kumeandikwa mambo mengi?

Geuza boksi, angalia orodha ya viambato kwa namba. Oksidi za chuma zina namba tatu: CI 77491 ni nyekundu, CI 77492 ni njano, CI 77499 ni nyeusi. Ukiziona hizo tatu basi ina rangi. Tatizo la huku kwetu ni kwamba zenye rangi nyingi zinaletwa kwa ajili ya watu weupe, ukipaka unatoka na kijivu kama umejipaka majivu, na ukishaona hivyo unapaka kidogo sana au unaacha kabisa. Usilazimishe. Paka sanskrini ya kawaida isiyo na rangi, ya kutosha, subiri kama dakika 10 hadi 15 ishike, halafu juu yake paka faundesheni inayofanana na ngozi yako, zile za krimu au za poda nzito zinazoficha kweli, hizo nyingi zina namba hizohizo tatu. Ila usizichanganye mkononi kabla ya kupaka, ukichanganya unaipunguza nguvu sanskrini, ipake moja kisha nyingine.

Na kuna watu wanatuulizia yale mafuta ya kinga jua yanayotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi. Yale ni kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, kwao ni suala la saratani ya ngozi na uhai, tuwaachie.

Napaka kiasi gani na mara ngapi?

Nyoosha kidole cha shahada na cha kati, kamulia mstari kutoka mwanzo wa vidole mpaka nchani kwa vyote viwili. Hicho ndo kipimo cha uso na shingo. Wengi tunaona ni nyingi mno kwa sababu tumezoea kupaka kama mafuta ya mgando, kidogo tu ing'ae, lakini hiyo namba ya SPF iliyoandikwa kwenye tyubu ilipimwa kwa kupaka tabaka nene, ukipaka robo yake hupati kinga hiyo, unapata ndogo mno.

Njia rahisi ya kujikagua ni tyubu yenyewe. Ya mililita 50, ukipaka vidole viwili mara mbili kwa siku, inaisha ndani ya kama wiki tatu. Kama yako ina miezi minne na bado ipo, hupaki ya kutosha, hata kama unapaka kila siku. Ni gharama, nakubali, ndo maana huko chini nasisitiza kofia na mtandio maana hivyo vinanunuliwa mara moja.

Ukiwa nje rudia kila baada ya saa mbili, na kila ukijifuta jasho au ukitoka majini. Ukiwa ndani kutwa nzima mbali na dirisha, ya asubuhi inatosha mpaka wakati wa kutoka.

Natoka asubuhi mapema tu, au siku za mawingu, bado napaka?

Tanga tuko kama nyuzi 5 kusini ya Ikweta, jua letu halina msimu wa kupumzika. Linapita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na kilele cha siku ni kama saa 6 na nusu mchana. Jua la saa 1 asubuhi halina neno, lakini ikifika kama saa 3 tayari yuvi imeshafika kiwango ambacho mtu anatakiwa ajikinge, na inaendelea hivyo mpaka saa 10 jioni inapoelekea.

Mwezi wa 6 na wa 7 unadanganya sana, kusi inapuliza, mtu anasikia ubaridi pale Raskazone anakaa juani saa nzima, na upepo unapoza ngozi tu, miale hauipunguzi. Mawingu mepesi nayo yanapitisha sehemu kubwa. Kioo cha dirisha la gari au la ofisi kinazuia yuvi B ila A inapita kwa wingi na mwanga wa kuonekana unapita wote, kwa hiyo dereva wa hiace mwenye doa kubwa upande wa dirishani kuliko upande mwingine sio bahati mbaya. Kuhusu mwanga wa simu, watu wanaogopa sana, lakini ni mdogo mno ukilinganisha na wa jua, hauhitaji sanskrini ya kulalia.

Tunaofanya kazi baharini inakuwaje? Kuna mtu iliwahi kupungua kweli?

Nieleze ya mteja wetu mmoja, mama anayelima mwani upande wa Mwambani, kwa ruhusa yake na jina nimeliacha. Ni mfano mzuri kwa sababu ana karibu kila kitu kinachozidisha melazma.

Yeye doa lilianza kwenye mimba ya pili, mashavu yote mawili na paji, halikuondoka baada ya kujifungua. Kazi ya mwani inafuata bamvua, na huku kwetu siku za bamvua maji yanakupwa sana kwenye saa 4 saa 5 asubuhi, maana yake ni lazima uwe kwenye kamba zako jua likiwa linapanda kileleni, umeinama, na miale mingine inakurudia kutoka kwenye mchanga mkavu na kwenye povu. Kofia inasaidia kutoka juu, haiwezi kuzuia kinachotoka chini. Alikuwa anajifunika khanga kichwani, ila khanga ile ilikuwa imechakaa na inalowa, na pamba nyepesi ikilowa inapitisha miale zaidi kuliko ikiwa kavu. Kipimo ni rahisi, inyanyue kitambaa ukielekeze kwenye mwanga, ukiona vidole vyako upande wa pili basi na jua linaviona.

Tulipomhoji vizuri ikatoka kwamba alikuwa anapaka krimu ya tyubu aliyopewa na jirani, mwaka na zaidi. Kulikuwa na klobetasoli ndani, steroidi kali ambayo nitaieleza huko chini. Uso ulikuwa umeng'aa kwa muda, halafu ukaanza vipele, vishipa vyekundu mashavuni, na akiacha siku mbili uso unawaka moto. Hapo hatukumuuzia kitu, tulimwambia aende kliniki ya ngozi kwanza. Daktari alimshusha taratibu badala ya kukata ghafla, akampa krimu nyepesi ya kutuliza ngozi, na kwa wiki kadhaa hakuguswa na dawa yoyote ya madoa, maana ngozi iliyowaka ukiipaka dawa kali inazidi kuwa nyeusi. Hiki kipindi kilikuwa kigumu, uso ulionekana mbaya kuliko mwanzo, na hapa ndo watu wengi wanarudi kwenye krimu.

Ngozi ilipotulia ndo alianza. Pama pana la ukili, ukingo unaofunika mashavu, na chini yake mtandio mweusi wa kitambaa kilichoshikana, umefungwa mpaka juu ya pua siku za mwani, na mwingine mkavu wa kubadilisha. Sanskrini ya kawaida ya kuhimili maji na faundesheni juu, kwenye sehemu inayobaki wazi tu, paji na chini ya macho, kwa hiyo tyubu inadumu. Usiku krimu ya kufifisha madoa, asidi azelaiki ya asilimia 20, kwanza siku moja moja kisha kila siku.

Mwezi wa kwanza hakuona kitu. Kwenye mwezi wa tatu kingo za madoa ya mashavuni zikaanza kulegea, zinafifia kutoka pembeni, katikati bado. Paji lilichelewa zaidi na mpaka leo lina kivuli. Tukagundua kitu kupitia picha alizokuwa anapiga kila mwanzo wa mwezi, dirisha lilelile, saa ileile: mwezi ambao alikwenda harusini Pangani akakaa siku mbili bila mtandio, picha yake ilirudi nyuma. Siku mbili tu. Melazma iko hivyo, inachukua miezi kufifia na wikiendi moja kurudi.

Nauza vitumbua na mihogo, nakaa kivulini lakini mbele ya jiko. Joto linahusika?

Ndio, joto nalo linatajwa na wataalamu miongoni mwa vinavyozidisha, hata bila jua. Inua jiko lisikae usawa wa uso wako, simama upande upepo unakotokea, tumia mwiko mrefu, pumzika kila ukimaliza kikaango. Na usipake mafuta mazito ya mgando ukiwa motoni. Sio lazima uache kazi, hakuna anayesema hivyo.

Hizi krimu za kung'arisha na mikorogo, mbona zinatoa doa haraka?

Zinatoa haraka kwa sababu ya kilichomo, na kilichomo ndo tatizo. Ziko aina tatu.

Ya kwanza ni steroidi kali, klobetasoli au betamethasoni, ambazo ni dawa halali za pumu ya ngozi na magonjwa mengine kwa muda mfupi, sio za kupaka usoni kila siku. Zinapunguza rangi, mtu anafurahi, baadaye ngozi inakuwa nyembamba, chunusi, vinyweleo usoni, vishipa vinaonekana, na ukiacha moto unawaka kama nilivyoeleza. Ukiona krimu ya kung'arisha imekuponya kila kitu kwa wiki moja, vipele, mwasho na doa, shuku steroidi.

Ya pili ni zebaki. Inazuia rangi kweli, ila inaingia mwilini inaharibu figo, na mama anaweza kumpitishia mtoto aliye tumboni, na hata watoto wanaolala naye wanaipata kwenye mashuka na mikono. Haiandikwi mara zote, lakini dalili mojawapo ni onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha au vyombo vya aluminiamu. Ukikuta onyo hilo, au kopo lisilo na jina la mtengenezaji wala tarehe, usipake.

Ya tatu ni haidrokwinoni isiyo na kipimo, ambayo nitaieleza huko chini kwa sababu yenyewe ni dawa ikiwa mikononi mwa daktari. Kwenye vipodozi hapa Tanzania hairuhusiwi, na vipodozi siku hizi vinasimamiwa na TBS.

Mkorogo ni mchanganyiko wa hizi zote pamoja, bila mtu yeyote kujua kiasi gani cha nini. Kama unatumia sasa hivi, usiache ghafla leo usiku kisha uteseke peke yako, chukua kopo lenyewe uende nalo hospitali. Hakuna atakayekucheka, na kama kuna wa kukucheka nenda kwa mwingine.

Ndimu, manjano, liwa, dawa ya meno?

Ndimu usoni kisha ukatoka juani ni hatari ya wazi, maji ya ndimu yakikutana na jua yanaunguza ngozi, malengelenge, kisha yanaacha weusi mpya wa miezi, juu ya ule uliokuwa nao. Limao hivyohivyo. Dawa ya meno, magadi, soda ya kupikia, ziacheni kabisa.

Manjano inapaka rangi ya njano juu na inapendeza kwenye singo ya biharusi, ila melazma haiitoi. Liwa halina ubaya kama ngozi yako inalipokea, linapoza na kunukia vizuri, tatizo ni kulisugua. Kusugua kokote, iwe msio, dodoki, au skrabu ya sukari, kunachubua, na ngozi yetu ikichubuka jibu lake ni weusi. Mwenye melazma anaosha uso kwa viganja na sabuni isiyo kali, anafuta kwa kugusagusa, basi.

Dawa gani ya halali inafifisha?

Ninayoipenda kuanza nayo ni asidi azelaiki, krimu ya asilimia 20 au jeli ya 15, inapakwa hata mara mbili kwa siku. Ni ya polepole, usihukumu kabla ya miezi mitatu na mara nyingi inataka sita, lakini haina yale madhara ya mikorogo na hata mjamzito anaweza kutumia. Wiki za kwanza inachonyota kidogo na kuwasha, hilo ni la kawaida. Ikiwa inachoma mpaka ngozi inakuwa nyekundu au kavu inachanika, punguza siku, usivumilie, maana kuvumilia ndo kunaleta weusi.

Daktari wa ngozi anaweza kuandika haidrokwinoni ya asilimia 4, peke yake au ikiwa pamoja na tretinoini na steroidi nyepesi kwenye tyubu moja. Huo mchanganyiko wa watatu ndo wenye nguvu zaidi kwa kupaka, lakini una mwanzo na una mwisho: usiku tu, kwenye doa tu, kwa miezi mitatu au minne hivi, kisha unapumzishwa na kubaki na kinga na azelaiki. Ukipitiliza mwaka, miaka, tena juani bila kinga, inaweza kuleta weusi wa aina nyingine, wa kibuluu kijivu, na vipunje vidogo vyeusi kwenye mashavu, ambao hautoki tena kirahisi. Uliandikwa kitaalamu Afrika Kusini mwaka 1975 kwa akina mama waliokuwa wanatumia krimu hizo, na mwaka 1990 nchi ile ikapiga marufuku haidrokwinoni kwenye vipodozi. Kwa hiyo ukiona unapaka na doa linazidi kuwa jeusi, acha na urudi kwa daktari, usiongeze dozi.

Kuna pia vidonge vya asidi traneksamiki, dawa ya kuzuia kutokwa na damu ambayo kwa dozi ndogo inasaidia melazma sugu. Hivi hatuviuzi kwa mtu kuomba tu, maana vinaweza kugandisha damu, na mwenye historia ya damu kuganda, kiharusi, au anayetumia vidonge vya majira hatakiwi kuvigusa bila daktari kumpima.

Nina mimba, nifanye nini?

Jikinge na jua, faundesheni yako, azelaiki kama daktari wako amekubali, na subiri. Kwa wengi inafifia yenyewe ndani ya miezi kadhaa mpaka mwaka baada ya kujifungua, sio kwa wote. Haidrokwinoni, tretinoini na vidonge vya traneksamiki vikae mbali mpaka umalize.

Ni sindano ya uzazi wa mpango iliyoniletea, niache?

Usiache kabla hujaongea na nesi wa uzazi wa mpango, mimba usiyoipanga nayo inaleta homoni nyingi kuliko hiyo sindano. Vidonge vyenye homoni mbili ndo vinavyotajwa zaidi, sindano na vijiti navyo kwa baadhi ya watu. Kama doa lilianza miezi michache baada ya kuanza njia hiyo, mwambie, uliza kuhusu lupu ya shaba ambayo haina homoni kabisa. Ila ujue mapema kwamba kubadilisha njia hakufuti doa lililokwisha kuwepo, kunapunguza tu kichocheo.

Wanaume wanapata?

Wanapata, wachache kuliko wanawake, na tunawaona wavuvi na vijana wa bodaboda. Helmeti yenye kioo cheusi kilichoshushwa inasaidia zaidi ya kofia ya kapelo, maana kapelo inaacha mashavu yote wazi. Dawa ni zilezile.

Ilitoka kabisa, mwaka uliofuata imerudi. Nilikosea wapi?

Pengine hukukosea popote, melazma inatulizwa, haikatwi mizizi. Seli zile bado zipo na zinakumbuka. Wanaobaki wasafi muda mrefu ni wale ambao hawakuacha kinga doa lilipotoka, na wanaongeza umakini ikikaribia Machi na Oktoba, na siku za safari za ufukweni. Ikianza kuonekana tena rudi kwenye azelaiki mapema, ikiwa bado kivuli, usisubiri ikomae.

Lini niache kuhangaika dukani niende kwa daktari wa ngozi?

Kama doa lina upande mmoja tu, linainuka, linatoa damu au lina magamba. Kama sehemu ya doa imekufa ganzi, hasa ikiwa ni doa jeupe au jekundu, hiyo wahi, ukoma bado upo na unatibika bure. Kama umetumia mkorogo zaidi ya miezi michache. Na kama umejikinga na kupaka azelaiki sawasawa miezi sita na picha zako hazijabadilika. Ukienda, nawa uso usiwe na poda, beba kila tyubu na kopo unalopaka hata lile unaloliona aibu, na beba zile picha za kila mwezi, daktari atazitumia kuliko maelezo yako ya mdomo.